Kikohozi cha saa tisa usiku

Swali la wiki: "Mwanangu ana miaka 6. Analala vizuri, lakini ikifika saa tisa usiku anaamka anakohoa mfululizo na kifua kinalia kama filimbi. Asubuhi yuko sawa, anakwenda shule. Tangu Machi nimeshampa dawa za mafua chupa nne na antibiotiki mara mbili. Haya mafua gani yasiyoisha?" (Mama, Njombe)

Dada, chupa zote nne zilikuwa zinatibu pua, na kwa jinsi ulivyoeleza, shida ya mtoto iko chini zaidi, kwenye mirija midogo ya mapafu. Hiyo inafanana sana na pumu. Antibiotiki nazo haziui virusi vya mafua wala hazifungui mirija iliyobana, kwa hiyo zisingeweza kusaidia upande wowote.

Mafua yana mwendo unaotabirika. Siku mbili tatu za kwanza pua inatiririka, koo linawasha, labda na homa kidogo. Baada ya siku saba hadi kumi mtoto amechangamka, na kikohozi kinachobaki kinafifia ndani ya wiki mbili au tatu. Kinakohoza mchana na usiku. Pumu inakuja, inaondoka, inarudi, na saa zake hasa ni usiku wa manane hadi alfajiri. Usiku homoni ya mwili inayotuliza uvimbe hupungua, na mirija ya hewa hujikaza kidogo hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Mtoto wa pumu mirija yake tayari imevimba kwa ndani, hivyo kukaza huko kidogo kunatosha kumwamsha. Jua likishatoka inaachia, naye anakwenda shule kama vile hakuna kitu.

Kinachowachanganya wazazi wengi ni kwamba mafua yenyewe ndiyo huamsha pumu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Pua inaanza, kesho yake kifua kinabana, watu wanasema mafua yameshuka kifuani. Kwa hiyo uliza kuhusu siku ambazo pua yake ni kavu. Je, akicheka sana anakohoa? Akikimbia? Ukiwasha jiko la mkaa karibu naye au koili ya mbu? Mafua peke yake hayaletwi na kicheko. Uliza pia kama yeye au mzazi wake ana pumu, au kama yeye ana ukurutu wa ngozi.

Filimbi nayo ihakikishwe, kwa sababu pua iliyoziba hukoroma na mtu akadhani ni kifua. Chemsha maji, pima robo lita, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi, yapoe. Mdondoshee matone mawili matatu kila tundu la pua na umpengeshe. Kisha weka sikio mgongoni, chini kidogo ya bega. Mkoromo wa pua utakuwa umepungua. Filimbi ya pumu itabaki, na utaisikia zaidi anapotoa pumzi kuliko anapovuta. Pumzi ya kutoka inakuwa ndefu, kama anayesukuma hewa kupitia mrija uliobonyezwa. Sauti ikitokea upande mmoja tu, na ilianza ghafla baada ya kupaliwa na karanga au punje ya mahindi, hapo kuna uwezekano kitu kimekwama kwenye mrija, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na kikohozi cha wiki mbili na zaidi chenye homa za jioni, kupungua uzito, au mtu wa nyumbani mwenye kifua kikuu, kipimwe kifua kikuu kwanza.

Andika daftari kwa wiki mbili kabla ya kwenda kliniki. Mstari mmoja kila usiku unatosha: "Jumanne, saa 9:20, amekohoa dakika 15, filimbi ipo, pua kavu, jioni tulipikia mkaa ndani." Ongeza idadi ya pumzi, ukihesabu kifua kikipanda kwa dakika nzima akiwa amelala. Kwa mtoto aliyepita miaka mitano, zaidi ya 30 ni haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano, kuanzia 40. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maelezo ya mdomo, maana daktari anamwona mtoto saa nne asubuhi, kifua kimenyamaza. Kwa umri wa miaka sita anaweza pia kupuliza kipimo cha nguvu ya pumzi, akavutishwa salbutamoli, dawa ya kufungua mirija, akapuliza tena baada ya dakika 15. Namba ikipanda waziwazi, jibu limekaribia sana. Walio chini ya miaka mitano ni vigumu kuwapima hivyo, na wengi wao hupiga filimbi kwa mafua tu kisha wakaacha wakikua. Kwao daktari huangalia zaidi kama inajirudia.

Akiandikiwa salbutamoli, omba ya kuvuta, si ya maji. Kijiko cha mililita 5 cha ile ya maji kwa kawaida kina miligramu 2, sawa na mibonyezo ishirini ya inhela ya mikrogramu 100, na inapitia tumboni na damuni kwanza. Ndiyo maana mtoto anatetemeka mikono na moyo unamwenda mbio huku kifua kikichelewa kufunguka. Maneno ya kwamba inhela "inazoesha" au ni ya mahututi hayana ukweli.

Inhela bila spesa, yaani chombo kinachopokea dawa kati ya inhela na mdomo, kwa mtoto dawa nyingi inaishia kooni. Spesa ya dukani ikikosekana, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafaa. Watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu wakachapisha matokeo mwaka 1999, ikafanya kazi sawa na ya kiwandani. Ioshe kwa maji ya sabuni, usiifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe, la sivyo umeme wa plastiki utavuta dawa ibaki ukutani. Pasha waya, toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, iingie ikiwa imebana, ziba pembeni kwa utepe. Tikisa inhela, mtoto afunge midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi tano au sita taratibu. Tikisa tena, rudia mbonyezo wa pili. Makosa ya kawaida ni kubonyeza mara mbili kwa pamoja, na hewa kuvuja kitakoni.

Usiku kifua kikibana, mpe mibonyezo miwili hivyo, kama daktari hakukupa kipimo kingine. Bado kimebana baada ya dakika 20, rudia, na tena mara ya tatu. Ikifika mibonyezo sita ndani ya saa mbili hajatulia, mnaelekea hospitali. Usisubiri hesabu hiyo kama mbavu zinabonyea ndani, hawezi kumaliza sentensi au kunywa maji, midomo ina rangi ya bluu, au analegea. Na filimbi ikinyamaza ghafla wakati bado anahangaika kupumua, hewa karibu haipiti kabisa. Endelea kumpa dawa mkiwa njiani.

Salbutamoli inafungua mirija kwa saa chache tu, haitoi uvimbe. Mtoto anayeamka usiku mara kwa mara huhitaji dawa ya kuzuia, mara nyingi beklometasoni, ya kuvuta kila siku kwa chupa ileile, hata siku ambazo hakohoi. Matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa, na wengi huiacha wiki ya pili wakidhani haifanyi kazi. Kila akimaliza asukutue mdomo na kutema, asije akaota utando mweupe wa fangasi kwenye ulimi.