Mistari michache inayoonekana kabla msomaji hajabonyeza

Sehemu ya About kwenye LinkedIn inapokea hadi herufi 2,600, lakini anayefungua wasifu wako huona mistari michache tu, na kwenye simu huwa michache zaidi kuliko kwenye kompyuta. Maelezo yaliyobaki hujificha mpaka abonyeze. Kwa miaka miwili wasifu wangu ulianza hivi:

"Karibu kwenye ukurasa wangu!

Mimi ni mfasiri mwenye ari, bidii na uzoefu wa miaka mingi, ninayependa kujifunza mambo mapya."

Siku nilipoufungua kwenye simu ya ndugu yangu ndipo nilipoona kasoro yake. Salamu ilikuwa imechukua mstari mzima, nafasi tupu niliyoiacha chini yake ikachukua mwingine, kwa kuwa mstari mtupu nao huhesabiwa, na sentensi ya kazi yangu ikakatwa kwenye neno "uzoefu". Isitoshe, neno "mfasiri" lilikuwa limeshasomwa juu, chini ya jina langu. Msomaji hakuwa ameambiwa lolote jipya.

Nilifuta yote, nikajiuliza mteja anapofika hapo anataka kujua nini. Anataka kujua ninafasiri nini, kwa ajili ya nani, na kwa nini aniamini. Baada ya kuandika na kufuta mara nyingi nilibaki na haya:

"Ninafasiri maelezo ya matumizi ya dawa na fomu za ridhaa za wagonjwa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa bila kuuliza mara ya pili. Kila kazi husomwa na muuguzi kabla sijaikabidhi."

Sentensi ya kwanza ina herufi 164, nafasi zikihesabiwa, nami niliifupisha makusudi ili ijitosheleze hata ile ya pili ikikatwa. Majina ya vitu nimeyatanguliza, kwa sababu anayetafuta mtu wa kufasiri fomu za ridhaa akiyaona maneno hayo hayo hahitaji kushawishiwa abonyeze. Habari ya muuguzi imekuja badala ya "bidii" na "ari", maneno ambayo yeyote anaweza kujipa na hakuna awezaye kuyahakiki.

Wapo wanaopendekeza kuanza na swali la kumtia msomaji hamu. Nililijaribu, nikaliacha: swali hutumia mistari ile ile michache na kuahirisha jibu ambalo msomaji alilifuata.

Ukimaliza kuandika, usiamini hesabu ya herufi peke yake, kwani upana wa skrini na ukubwa wa maandishi hubadilisha mahali pa kukatwa. Fungua wasifu kwenye simu ya mtu mwingine, soma kwa sauti mpaka neno la mwisho linaloonekana, kisha mwulize unafanya kazi gani. Akijibu "mfasiri" na kuishia hapo, rudi ukaandike upya.