Kaandika "walinzi 60" na mimi nikaingia mkenge: kusoma sivii ya supavaiza wa ulinzi

Mwaka juzi tuliajiri supavaiza wa walinzi kwa sababu ya namba moja tu kwenye sivii yake, ameandika amesimamia walinzi 60. Tangazo letu lilisema awe amesimamia wasiopungua 20, sasa mtu wa 60 si anatosha na chenji inabaki? Mimi ndo nilikuwa nashika utawala kwenye ghala moja la alizeti huku Kizota, nikamsifia mwenyewe kwa bosi. Wiki ya tatu walinzi wawili wanalala lindo moja na geti la nyuma halina mtu, nikamuuliza rosta iko wapi, akaniambia "mzee, kule kwetu rosta ilikuwa inatoka ofisini."

Basi nikampigia simu aliyekuwa bosi wake, kitu ambacho nilitakiwa kufanya kabla (najua, najua). Akacheka: "Kaka, hao sitini ni wa kampuni nzima, yeye alikuwa anazunguka na pikipiki usiku." Hakudanganya kabisa yule jamaa. Malindo 23 yametapakaa mjini, maduka na nyumba za watu, yeye anapita kuangalia kama mlinzi yupo na hajalala. Zamu ya saa 12 ni dakika 720, gawa kwa 23 unapata kama dakika 31 kila lindo, na humo humo kuna barabara. Hiyo ni kazi ngumu tena ya hatari, ila siyo kazi ya kukaa na watu walewale kwenye eneo moja, kuwapanga, kupokea ripoti zao na kujua nani leo kaja amenuna.

Kwa hiyo siku hizi nikiona idadi ya walinzi kwenye sivii siitazami peke yake, natafuta malindo mangapi na zamu ngapi, halafu napiga hesabu. Chukua la kwetu: mchana malindo 7 (mageti mawili, mzani, tangi la dizeli, na mengine ya ndani), usiku yanakuwa 9 maana tunaongeza wawili wa doria. Jumla nafasi 16 kwa siku, mara siku 7 ni 112 kwa wiki, na kila mlinzi anaingia mara 6 anapumzika siku moja, 112 gawa kwa 6 ni 18 na kitu, yaani watu 19. Bado likizo, sheria inampa kila mtu siku 28 kwa mwaka, kwa watu 19 hapo lazima uongeze wawili. Ndo maana tuna 21. Mtu aliyewahi kupanga rosta kweli anaifanya hesabu hii kichwani huku anakunywa chai, na asiyewahi atakujibu "inategemea."

Tulipotangaza tena zilikuja sivii nyingi, nikabaki na mbili mezani. Ya kwanza imeandikwa vizuri mno, "nimeongoza timu kubwa ya ulinzi," haisemi kubwa kiasi gani. Ya pili karatasi moja na nusu, jamaa katoka kiwanda kimoja Singida, kaandika walinzi 21, malindo 8, zamu mbili. Nikapiga hesabu: 8 mara 2 ni 16, mara 7 ni 112, yaani kama kwetu kabisa, watu 19 na wa likizo wawili. Namba imekubali bila mimi kumuuliza kitu. Sivii ikikubali hesabu hivyo ujue aliyeiandika alikuwepo kazini.

Upande wa ripoti za matukio ndo penye utamu. Sivii ya kwanza ilisema "kwa miaka minne hapakutokea tukio lolote katika eneo langu." Zamani ningesema huyu ndo kiboko, sasa hivi hiyo sentensi inanitia wasiwasi. Miaka minne hata taa ya uzio haikuungua? Hata gari moja halikutoka geti na karatasi pungufu? Matukio yalikuwepo, ila hayakuandikwa, na tukio lisiloandikwa ukifika bima au polisi huna cha kuonyesha. Ya pili iliandika: "kukagua kitabu cha matukio kila makabidhiano ya zamu, kuandika ripoti kabla zamu haijaisha, kwenda kituoni kuchukua RB pale inapohitajika." Mtu anayejua kuwa bila RB madai yanakwama, huyo kashafuatilia.

Lakini sikuishia kwenye karatasi. Niliwaita wote wawili, nikawapa kisa na dakika 20: asubuhi dizeli imepungua lita 40 kwenye tangi, mlinzi wa usiku anasema hajui, andika ripoti. Wa kwanza akaandika "mlinzi alishirikiana na wezi kuiba mafuta." Kwisha. Kamhukumu mtu kabla ya kuhesabu chochote. Wa pili akatenganisha saa ambayo upungufu umegundulika na saa ambayo tangi lilipimwa mara ya mwisho, maana wizi, kama ni wizi, uko katikati ya hizo saa mbili. Akaandika nani kapima, nani alikuwa lindo lipi, lakiri ya tangi ilikutwa imekatwa au nzima, nani kajulishwa na saa ngapi, na maelezo ya mlinzi kayaweka kama alivyosema mlinzi mwenyewe. Chini kabisa akaongeza, hakikisha kwanza kijiti cha kupimia ni kilekile cha jana. Hapo nilicheka, maana kwetu mara moja ilishatokea hivyo hivyo, tulimsumbua mlinzi wa watu siku mbili kumbe tatizo ni kijiti.

Vyeti sasa. Hapa wa kwanza alikuwa na rundo, saba. Nilivipanga kwa tarehe pembeni ya tarehe za ajira, na viwili vikagoma: mafunzo ya wiki mbili Dar wakati sivii inasema alikuwa zamu ya usiku Mwanza. Vingine vitatu ni vya kuhudhuria semina ya siku moja, havisemi kama alipimwa. Kimoja ni cha tabia njema cha polisi, muhimu sana ila siyo mafunzo, usikihesabu humo. Kilichobaki ni cha mgambo, na mgambo au JKT inakuonyesha mtu anajua paredi na nidhamu, haikuonyeshi kama anaweza kusimamia watu na kalamu.

Wa pili alikuwa na vya kwake viwili, JKT na cha kuzima moto kutoka Zimamoto. Huduma ya kwanza hana, na tangazo letu liliitaka. Bosi akataka tumtoe kwa hilo, nikamwambia huduma ya kwanza tunampeleka wiki ijayo anajifunza siku chache anarudi na cheti kipya kisichoisha muda kesho, ila ile ripoti ya dizeli hatutamfundisha kwa siku chache. Tulibishana mpaka jioni, akakubali kwa sharti kwamba cheti kipatikane ndani ya miezi mitatu ya majaribio.

Jamaa kaanza kazi Jumatatu, kabla hata ya kuonyeshwa ofisi akaomba vitabu vya matukio vya miezi mitatu iliyopita. Nikampa. Baada ya kama saa moja hivi karudi, kavishika mkononi, "bosi, mbona kurasa za Jumapili zote ni tupu?"