Kabla ya cheti, soma leja: ninavyopitia wasifu wa mhasibu

Mara ya kwanza nilipoachiwa kazi ya kuchagua mhasibu, nilipanga wasifu wote kwa vyeti: wenye CPA juu, wenye shahada katikati, wenye diploma chini. Nikampata kijana mwenye CPA, mwenye adabu na mchapakazi. Miezi minne baadaye tulikuwa tumemlipa msambazaji mmoja wa mabati ankara ileile mara mbili. Ilikuwa ya shilingi 8,260,000, yaani mzigo wa 7,000,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Pesa ilirudi, lakini baada ya wiki tatu za kubembelezana.

Kijana hakuwa mwizi wala mvivu. Wasifu wake ulieleza wazi kwamba miaka yote mitatu alikuwa kwenye ukaguzi, akipima urari na mizania za watu wengine. Leja ya wadai hakuwahi kuishika. Taarifa hiyo ilikuwa mbele yangu, nami niliiruka kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye cheti.

Tangu hapo naanza na leja. Neno "mhasibu" linafunika kazi nyingi zisizofanana. Anayeshika leja ya wadaiwa anafuatilia wateja tuliowakopesha: nani kalipa, nani kapitiliza siku, nani asiongezewe mzigo. Wa leja ya wadai yuko upande wa pili, kwa hao wanaotudai sisi. Anaoanisha oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara kabla ya kulipa, na kila mwisho wa mwezi analinganisha leja yetu na taarifa ya msambazaji. Wa leja kuu anafunga mwezi, anapitisha marekebisho na kutoa urari. Halafu kuna wa daftari la fedha, ambaye siku yake inaishia kwenye usuluhishi wa benki. Mtu anaweza kuwa hodari sana kwenye moja na mgeni kabisa kwenye nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kufungua wasifu wowote naligeuza tangazo letu liwe kazi za mwezi. Tangazo la karibuni lilisema "mhasibu mwenye uzoefu, ajue Tally, CPA itakuwa nyongeza." Nilikaa na mtunza stoo tukahesabu: wasambazaji kama sitini, ankara mia tatu hivi kwa mwezi, baadhi za dola, na ritani ya VAT inayotakiwa kufika TRA tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo nikajua namtafuta mtu wa leja ya wadai mwenye kasi, anayejua pia kwamba ankara ya kudaia VAT lazima iambatane na risiti ya EFD.

Ukisoma wasifu kwa jicho hilo, vitenzi vinaanza kusema. "Nilishiriki katika kuandaa hesabu" hakinipi kitu. "Nilisuluhisha taarifa za wasambazaji arobaini kila mwezi" kinanipa leja, idadi na marudio. Natafuta pia ukubwa wa mahali alipotoka. Aliyekuwa mhasibu pekee wa shule huenda alishika leja zote lakini kila moja ikiwa na kurasa chache. Aliyekuwa kiwandani huenda alishika kipande kimoja tu, ila kwa wingi mkubwa. Hakuna aliye bora kwa jumla, inategemea tangazo linadai nini. Pale wasifu unapokuwa kimya kuhusu idadi simtupi mtu, kwa sababu wengi hawakufundishwa kuandika hivyo. Napiga simu na kuuliza: ulikuwa unapitisha ankara ngapi kwa mwezi? Aliyezishika hajiumi, anakujibu palepale.

Upande wa programu, kila wasifu una Tally, QuickBooks na Excel kwenye mstari mmoja, na mstari huo peke yake hauna uzito. Swali ni alifanya nini humo ndani. Kwenye Tally, akaunti ya msambazaji ikiwa imewekwa ifuatilie ankara moja moja, kila unapopitisha malipo inakutaka uchague: `Agst Ref` kama unalipa ankara iliyopo, `Advance` kama unatanguliza, `On Account` kama hujui pesa inaenda kwenye ankara ipi. Yule kijana wangu alikuwa akichagua `On Account` kila mara kwa sababu inapita haraka. Salio la jumla la msambazaji lilikuwa sahihi kabisa, ndiyo maana urari haukulalamika. Lakini kwenye orodha ya madeni kwa umri wake, ankara zilizolipwa zilibaki zimekaa kana kwamba bado zinadaiwa. Mtu mwingine akaona 8,260,000 imepitiliza siku 60, akailipa.

QuickBooks ina mtego unaofanana. Ankara ikiingizwa kupitia `Enter Bills`, malipo yake yapitie `Pay Bills`. Mtu akiandika hundi moja kwa moja kwa `Write Checks` na kuipeleka kwenye gharama, gharama inahesabika mara mbili na deni linabaki wazi. Kwa hiyo aliyetumia QuickBooks na kuielewa hivyo namwamini kuihamia Tally kwa wiki chache, kuliko aliyeishi na Tally miaka mitano akipitisha mauzo tu.

Cheti nakisoma mwisho, na hapo nakisoma kwa makini. Kumaliza mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, na kusajiliwa nayo ni mambo mawili, kwa hiyo naomba namba ya usajili na kuihakiki kwa bodi. Kwa wenzetu wa Kenya ni vilevile: KASNEB ndiyo inayotahini, ICPAK ndiyo inayosajili. Nafasi ikiwa ya mkuu wa hesabu, cheti hicho ni sharti na sibishani nacho. Kwa nafasi ya leja ya wadai, aliyefika ngazi ya ufundi na ameishika kazi ananitosha.

Safari hii walibaki watatu. Wa kwanza alikuwa na CPA(T) na leja kuu. Wa pili alikuwa na shahada na miaka minne ya wadaiwa kwenye kampuni ya vinywaji. Wa tatu alikuwa dada mwenye diploma, aliyeshika leja ya wadai ya hoteli na kuandika "ankara 250 kwa mwezi, QuickBooks". Wote niliwapa karatasi mbili: taarifa ya msambazaji yenye salio la 31,400,000, na leja yetu yenye 23,140,000. Wa kwanza alitoa tofauti, 8,260,000, akapendekeza ingizo la marekebisho. Wa pili aliuliza kama kuna malipo yaliyo njiani. Ni swali zuri, ila alisimama hapo.

Yule dada alipitisha kalamu mstari kwa mstari, akakuta ankara moja ya tarehe 29 iko kwao na kwetu haipo.

"Mama, mzigo huu ulipokelewa?" akaniuliza. "Naomba hati ya stoo kwanza. Kama haujafika, siiingizi."

Alianza kazi Jumatatu iliyofuata. Yule wa leja kuu nimeutunza wasifu wake, kwa kuwa nafasi ya kufunga hesabu za mwezi tunaitangaza mwaka ujao, na hiyo ndiyo leja yake.