Simu inachaji waya ukiinamishwa tu: uangalie nini kabla ya kubadilisha tundu?

Swali: Simu yangu ya USB-C inachaji nikiinamisha waya upande mmoja tu, na tangu jana haichaji kabisa. Fundi anasema tundu libadilishwe. Je, kuna ninachoweza kuangalia kwanza?

Jibu: Kipo, na anza na waya. Uchomeke kwenye simu, shika ncha yake isitikisike, kisha upinde waya wenyewe sentimita chache nyuma ya shingo. Alama ya chaji ikiwaka na kuzimika, waya umekatikia ndani. Ikiwa haiwaki kabisa, jaribu waya mwingine pamoja na kichwa cha chaji ambacho una hakika kinafanya kazi.

Ikiwa hata waya mzima unakubali kwa kuinamishwa tu, tazama ncha imeingia kiasi gani. Sehemu yake ya chuma ina urefu wa takribani milimita 6.5, na kwenye tundu safi huzama karibu yote na kukushika kidogo unapoichomoa. Ikibaki milimita moja hivi nje, au ikichomoka bila kushika, mara nyingi tundu halijafa. Nyuzi za mfukoni na vumbi husukumwa nyuma kila unapochomeka, hadi zinagandamana kuwa bamba gumu la kijivu ambalo mtu hulidhania kuwa ukuta wa tundu lenyewe. Ncha inapozuiwa hapo, miguso, yaani vipande vidogo vya chuma vinavyopitisha umeme, hugusana kwa kubahatisha, na ndiyo maana kuinamisha waya kunasaidia.

Chomoa chaji, zima simu, kisha mulika ndani kwa tochi. Katikati utaona ulimi mwembamba wenye miguso pande zote mbili, huo usiuguse. Tumia kijiti cha meno cha mbao kilichochongwa kikawa chembamba, ukikwangua taratibu kwenye kona za nyuma, juu na chini ya ulimi, na kuvuta uchafu nje. Usitumie sindano, kwa kuwa chuma huchuna miguso au kuikunja, wala usipulize kwa mdomo, kwa maana pumzi ina unyevu.

Ukiona ukijani kwenye miguso, alama ya kuungua au ulimi uliopinda, au ukisikia harufu ya kuungua, usichomeke tena. Vivyo hivyo ikiwa kioo au mfuniko wa nyuma umeinuka, kwani huenda betri imevimba.

Ncha ikizama yote na tatizo likabaki, hasa ukiona tundu lenyewe linacheza ndani ya fremu, huenda lehemu imepasuka, na hapo fundi wako yuko sahihi. Acha kuinamisha waya, kwa sababu kila msukumo unaweza kung'oa njia za shaba zilizo chini yake kwenye bodi. Muulize pia kama tundu la simu yako limo kwenye bodi ndogo ya pekee, kwani hiyo hubadilishwa nzima bila kulehemu kwenye bodi kuu.