Kuponi imeongeza mauzo ila faida imeshuka, tatizo liko wapi?

Swali: Kaka habari za kazi. Nina minisupamaketi hapa Forest, Mbeya. Mafuta ya alizeti dumu la lita 5 nanunua 27,000 nauza 34,000, na nilikuwa natoa madumu 50 kwa wiki. Nikaweka kuponi ya punguzo la 3,000, kashia anampa kila mteja kaunta. Saivi natoa madumu 78, kati ya hayo 70 ni ya kuponi, ila faida imepungua. Nifute kuponi nishushe bei kwa wote, au nihamie kwenye kadi ya wateja wa kudumu?

Jibu: Ugonile dada. Kwanza nikupongeze kwa kuandika namba, maana wengi wanaoniuliza wanakuja na "mauzo yamepanda" tu, na kwa hilo peke yake siwezi kumsaidia mtu. Kwa namba zako jibu linaonekana kabisa, twende nalo taratibu.

Mwanzo ulikuwa unapata 7,000 kwa kila dumu, mara 50 ni 350,000 kwa wiki. Sasa hivi madumu 8 tu ndo yanakupa 7,000, ambayo ni 56,000, na yale 70 ya kuponi kila moja linakupa 4,000, yaani 280,000. Jumla 336,000. Umebeba madumu 28 zaidi kutoka stoo, umepanga, umefungasha, na umepungukiwa 14,000. Hiyo sijaweka hela ya kuchapisha karatasi.

Sasa hiyo 14,000 imetoka wapi? Kwa haraka tuseme yale madumu 28 ya ziada ni ya watu ambao kwa 34,000 wasingenunua kwako. Kila mmoja amekuletea 4,000 ambayo haikuwepo, jumla 112,000, hii ni hela mpya kweli. Lakini katika wale 50 wa zamani waliobaki na bei kamili ni 8, maana yake 42 walikuwa wanalipa 34,000 bila shida na wewe ukawarudishia 3,000 kila mmoja. Hiyo ni 126,000. Toa 112,000, unabaki na hasara yako ya 14,000.

Hapo ndo kwenye kiini cha kuponi. Kitaalamu inaitwa ubaguzi wa bei, neno linatisha kidogo ila maana yake ni kuuza kitu kilekile kwa bei mbili kwa watu wanaotofautiana namna wanavyojali bei. Kuponi siyo punguzo, ni chekeche. Kazi yake ni kumpitisha mtu ambaye bila punguzo asingenunua, na kumwacha juu yule ambaye angenunua tu. Chekeche lako halina nyavu dada, kashia anamkabidhi kila mtu pale pale anapotaka kulipa, kwa hiyo ulichofanya kiukweli ni kushusha bei kwa wote bila kujua.

Na hilo linajibu swali lako la kwanza. Ukishusha bei iwe 31,000 kwa kila mtu, faida kwa dumu ni 4,000, na ili urudi kwenye 350,000 unatakiwa uuze madumu 88 kwa wiki. Kuponi ya kumpa kila mtu imekufikisha 78. Umeshalifanya jaribio na soko limekujibu, usishushe.

Simama siku moja karibu na kaunta uangalie watu wanavyonunua hayo mafuta. Kuna yule anayeingia saa kumi na moja jioni ametoka kazini, gari ameliacha na taa zinawaka, anaweka dumu kwenye kikapu pamoja na mkate na pampasi na hata hajatazama bei, ukimuuliza akifika nyumbani alilipa ngapi hana uhakika. Halafu kuna yule anayeinua dumu, anauliza "hili bei gani?", anasikia 34,000, analirudisha polepole palepale lilipokuwa, anasema nitapita. Huyo ameshapita Mwanjelwa asubuhi, bei za watu watatu anazo kichwani. Huyu wa pili ndo unamtaka kwenye kuponi, na shida ni kwamba huwezi kumtambua kwa sura wala kwa nguo, wala haifai kujaribu. Wapo wenye hela nzuri tu wanaofuatilia mia mbili, na wapo wenye kipato kidogo ambao hawana hata nusu saa ya kuzunguka sokoni. Kujali bei na kuwa na hali ngumu ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo inabidi mtu ajichague mwenyewe, na njia ya kumfanya ajichague ni kumtoza usumbufu kidogo. Kuponi nzuri inamgharimu mteja muda: aichukue mahali, aitunze, aikumbuke, aje nayo siku fulani. Anayeona 3,000 ni hela ya maana atafanya hivyo vyote, anayetaka kuwahi nyumbani atalipa 34,000 na wala hatajisikia ameonewa kwa sababu mlango ulikuwa wazi kwake pia. Hili limeshapimwa na wachumi, mwaka 1984 Narasimhan alionyesha kwa data za kaya za Marekani kwamba wanaotumia kuponi ndo ambao manunuzi yao yanayumba zaidi bei ikibadilika. Na huko kuponi nyingi sana za karatasi haziwahi kurudi dukani, zinazorudi ni asilimia chache mno. Ukisikia hivyo unaweza kudhani mpango umefeli, kumbe kutorudi kwa nyingi ndo uthibitisho kwamba chekeche linachuja.

Kwako ningefanya hivi. Kuponi ziondoke kaunta kabisa, kashia asiwe nazo hata droo. Zigawiwe kule watu wanakolinganisha bei, mfano upande wa Mwanjelwa na pale Kabwe wanaposhukia daladala, na ziandikwe zinatumika Jumanne mpaka Alhamisi tu. Kila eneo lipige muhuri wa rangi yake ili karatasi ikirudi ujue ilitokea wapi. Na karatasi moja iwe dumu moja, mteja mmoja, kwa siku moja, hilo usilegeze. Nimewahi kusaidia duka moja Iringa, karibu na Mashine Tatu, tukaona kuponi zinarudi kwa wingi tukafurahi, siku ya kuzihesabu tukakuta kuponi kumi na tisa zimekunjwa mkunjo mmoja na kubanwa kwa mpira mmoja. Mwenye genge wa mtaa wa pili alikuwa anazikusanya kwa majirani, ananunua kwa bei ya kuponi na kuuza gengeni kwake chini kidogo ya bei ya lile duka. Bei mbili zinasimama tu pale ambapo aliyenunua kwa bei ya chini hawezi kumuuzia wa bei ya juu. Ikishavuja hapo umepoteza wateja wa pande zote mbili.

Kipimo chako cha kila wiki ni hiki, kiandike kwenye daftari ukurasa wa mbele: mteja mpya anakupa 4,000, mteja wa zamani aliyetumia kuponi anakutoa 3,000. Kwa hiyo wapya 3 wanawabeba wa zamani 4, hapo hujapata wala hujakosa. Wale 28 wako walikuwa na uwezo wa kubeba 37, wewe ulivujisha 42. Tuseme mpango mpya ukikuletea wapya 24 tu, pungufu ya saivi, ila wa zamani wanaotumia kuponi wakawa 15, unapata 96,000 unatoa 45,000, faida inafika 401,000. Mauzo yatakuwa madumu 74, chini ya haya unayouza leo, usishtuke.

Ila ile 28 niliyosema ni "wapya" uichunguze vizuri. Inawezekana kuna watu walibeba madumu mawili kwa sababu ya ofa na watakaa mwezi mzima bila kununua. Utajua wiki mbili baada ya kuponi kuisha: mauzo yakirudi 50, wapya walikuwa wapya kweli, yakishuka 38 au 40 ujue ulikuwa unauza mafuta ya mwezi ujao kwa bei ya chini.

Kuhusu kadi ya wateja, ile ya kupiga mihuri 10 halafu cha 11 bure, kwa shida uliyonayo siishauri. Anayejaza mihuri haraka ni jirani yako wa nyumba ya tatu, ambaye anakuja kwako kwa sababu uko karibu na hana mpango wa kwenda Mwanjelwa kwa ajili ya mafuta. Unampa punguzo kubwa yule ambaye bei haimsumbui. Kadi inaanza kuwa na maana pale inapokuonyesha nani ananunua nini na lini, ukaona mtu aliyekuwa anakuja kila wiki ana wiki tano hajaonekana, huyo peke yake ndo anatumiwa meseji ya punguzo. Ukichukua namba za simu muombe mtu ridhaa na umwambie za nini, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mambo mawili ya kuepuka. Usipandishe bei ya rafu kuwa 36,000 ili kuponi ionekane nene, wateja wako wanajua bei, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bei. Na usipeleke kuponi kwenye sukari: bei yake kila mtu anaijua mpaka mtoto anayetumwa, faida yake ni nyembamba, na hapo hakuna kundi la kulipa zaidi. Mafuta yanakubali kwa sababu watu wa Forest wanakulipa kwa ukaribu na kwa kuwahi. Siku jirani akifungua duka upande wa pili wa barabara akauza 32,000, hii hesabu yote inaanza upya.

Anza na wiki mbili bila kuponi kabisa, halafu wiki mbili na hizi mpya, na ukwepe siku za mishahara mwisho wa mwezi zisiangukie upande mmoja tu. Kashia aandike kwa kila dumu vitu vitatu: bei iliyolipwa, rangi ya muhuri, na kama huyo mtu anamfahamu kuwa mteja wa siku zote. Baada ya wiki nne nitumie picha ya hizo kurasa za daftari.