Posti umefuta, Google bado inaionyesha

"Nimefuta posti zangu za zamani, lakini nikijitafuta Google bado zinatokea. Mwajiri ataziona?"

Ataziona, kwa muda. Binti wa dada yangu, miaka 17, aliomba kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Mbeya. Mama mwenye nyumba hakuhangaika na jina lake, maana wenye jina hilo ni wengi. Alichukua sehemu ya mbele ya baruapepe ya binti, ambayo ndiyo jina alilotumia mtandaoni, akaiweka ndani ya alama za nukuu, akatafuta Google. Ikaja posti aliyoandika binti akiwa na miaka 13: "Leo genge la mama nimewapunja watu chenji hahaha." Utani wa soko la Mwanjelwa tu, lakini mapokezi ndiko hela zinakopita!

Binti akaifuta usiku uleule. Asubuhi sentensi ileile bado ipo, ila ukibonyeza kiungo, ukurasa haupo. Google huonyesha nakala iliyosoma mara ya mwisho, na ukurasa wa zamani usiotembelewa inaweza kuchelewa kuurudia. Hapo unafungua `Refresh Outdated Content` ya Google, unabandika kiungo, unaomba kiondolewe. Haihitaji uwe mwenye tovuti. Lakini futa posti kwanza. Ikiwa bado hai, ombi linakataliwa.

Jitafute hivi, ukiwa umetoka kwenye akaunti zako:

```
"jina_unalotumia" site:facebook.com
```

Picha ya skrini aliyopiga mtu, hiyo ombi hili haliigusi. Binti alimpigia yule mama, akamweleza mwenyewe. Akapewa usafi kwanza, mapokezi baada ya miezi miwili.