Tangazo la kipindupindu: kipi kitangulie, kipi kifutwe

Swali: "Nimepewa kazi ya kuandika upya tangazo la tahadhari ya kipindupindu. La sasa lina kila kitu lakini watu wanasoma na bado wanauliza wafanye nini. Nianzie wapi, na nifanyeje lisitie watu hofu?"

Ndugu, anza na saa, lugha itafuata. Chukua kila agizo lililomo ujiulize: mtu asipolifanya leo, nini kitampata kabla ya kesho? Nimeandika na kuhariri matangazo ya aina hii katika milipuko kadhaa, na swali hilo ndilo linalopanga tangazo kuliko ufundi wowote wa uandishi.

Karibu kila rasimu niliyowahi kuletewa ilifanana na hii: "Kufuatia kuthibitishwa kwa mlipuko wa kipindupindu, ugonjwa hatari unaosababishwa na bakteria na kuenea kwa kasi kupitia maji na chakula kilichochafuliwa, wananchi wanaaswa kuzingatia kanuni za usafi, ikiwa ni pamoja na kunywa maji salama, kunawa mikono, kutumia vyoo bora na kuwahi katika vituo vya kutolea huduma pindi waonapo dalili. Aidha, wananchi wanaombwa wasiwe na taharuki."

Hakuna uongo humo. Lakini kipindupindu huua kwa kuukausha mwili, na mgonjwa mwenye hali kali anaweza kufariki ndani ya saa chache asipotibiwa. Jambo lisilosubiri kesho ni moja: anayeharisha aanze kunywa na apelekwe hospitali. Rasimu imelitupa mwisho, nyuma ya vyoo bora. Dalili hazikutajwa, na hakuna neno juu ya kufanya nini wakati usafiri unatafutwa. Choo bora ni muhimu sana, ila hakijengwi usiku wa leo.

Kwa hiyo mimi huanza na mgonjwa, ndipo nije kwenye maji, kisha mikono. Historia ya bakteria naiondoa. Anayetaka kuijua ataipata kwingine, na asiyeijua hapungukiwi kitu anapomhudumia mtoto wake. Matokeo yake huwa hivi:

"KIPINDUPINDU: FANYA HIVI
Mtu akiharisha majimaji kama maji ya mchele, au akiharisha mfululizo, mpe maji ya ORS sasa hivi. Mpeleke kituo cha afya leo hii, hata kama ni usiku. Aendelee kunywa njiani. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe tena kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya saa chache, lakini wengi wanaowahi matibabu hupona.
Maji ya kunywa: yachemshe mpaka yatokote, yaache yatokote dakika 1, kisha yafunike.
Nawa mikono kwa sabuni: ukitoka chooni, kabla ya kushika chakula, na baada ya kumhudumia mgonjwa."

Tazama sentensi ya hatari ilipokaa. Sikuificha, maana ndiyo inayomwamsha mtu usiku. Ila imekuja baada ya msomaji kujua la kufanya, na imefungwa papo hapo na ukweli wa pili, kwamba wengi hupona. Mgonjwa akitibiwa mapema na ipasavyo, uwezekano wa kufa hushuka chini ya 1%. Hapo ndipo utulivu unapopatikana. "Msiwe na taharuki" haijawahi kumtuliza mtu. Humfanya ajiulize anafichwa nini. Idadi ya waliofariki nayo ina mahali pake kwenye taarifa kwa waandishi wa habari. Ukiiweka juu ya maagizo, macho yanaishia hapo.

Sasa ORS, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tangazo zuri linapoweza kudhuru. Pakiti hazilingani. Nyingi ni za lita 1, lakini zipo za nusu lita na za mililita 200. Ukiandika "changanya pakiti na lita moja" ilhali zinazogawiwa ni za mililita 200, umewapa watu maji mepesi yasiyofanya kazi yake. Kinyume chake ni kibaya zaidi: pakiti ya lita 1 kwenye kikombe ni chumvi nyingi mno kwa mtoto mdogo. Kabla ya kuandika mstari huo, nenda stoo, ishike pakiti yenyewe mkononi, soma kipimo, kisha uandike hicho. Ongeza kwamba mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe.

Pakiti zisipopatikana kuna mchanganyiko wa nyumbani: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Uweke peke yake, chini ya maelezo ya pakiti, kila kipimo kwenye mstari wake. Vikikaa kwenye sentensi moja ndefu, watu hugeuza sukari na chumvi. Niliwahi kumpa mama mmoja rasimu pamoja na kijiko na bakuli la chumvi, nikamwomba apime kama ilivyoandikwa. Alichota nusu kijiko, kweli, lakini kikiwa na kilima juu. Neno "kilichosawazishwa" lilikuwepo, ila lilikuwa mwisho wa mstari na jicho lake halikufika. Tulilihamisha likatangulia: "Sawazisha kijiko kwa kisu. Kisha pima." Tukaongeza na onyo: onja kwanza, yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, yamwage uanze upya.

Hivyo ndivyo tangazo linavyojaribiwa. Usimuulize mtu kama ameelewa, maana atajibu ndiyo kwa heshima. Mpe rasimu asome mara moja, uichukue, umwambie: "Mtoto wako ameanza kuharisha sasa hivi. Nionyeshe unafanya nini." Akianza na kunawa mikono, ujue mpangilio wako bado una kasoro. Akisema atasubiri aone hadi asubuhi, rudi kwenye mstari wa kwanza.

Klorini nayo ina mtego. Kidonge cha kutibu maji ya kunywa kina maelekezo yake, na kwa kawaida maji husubiri dakika 30 kabla ya kunywewa. Maji ya klorini ya kusafishia matapishi na kinyesi ni mengine kabisa, yenye nguvu zaidi, na hayanywewi. Usiyaweke kwenye karatasi moja. La kusafishia nalipeleka kwenye tangazo la wanaowahudumia wagonjwa tu, hata wataalamu wakisisitiza kila kitu kikae pamoja. Kama eneo lenu liko juu ya mita 2,000, kuchemsha nako kunabadilika: andika dakika 3.

Kuhusu wataalamu hao, ambao nina hakika watakurudishia rasimu ikiwa imeongezewa aya tatu: wapelekee mpangilio kabla ya maneno. Karatasi yenye mistari mitatu tu, mgonjwa, maji, mikono, wakubaliane nayo. Baadaye mtu akitaka kuongeza jambo, mwombe aonyeshe linakaa juu ya lipi. Nimeona mabishano mengi yakiisha hapo.

Mwisho, weka tarehe na saa juu kabisa. Agizo likibadilika, mstari wa kwanza wa toleo jipya useme kilichobadilika, kwa mfano: "Mabadiliko: pakiti za ORS zinazogawiwa kuanzia leo ni za nusu lita." Picha za toleo la zamani zitaendelea kuzunguka kwenye simu za watu, na mstari huo ndio utakaowawezesha kujua washike lipi.